Sifuri Niliyompa Mama wa Msasa

Shule niliiacha darasa la tatu. Sisemi hivi nihurumiwe. Karakana ninayo, watu kumi na wanne wanakula kupitia mikono yangu, na mawe laini ya kwetu Tabaka niliyoyachonga yamekaa kwenye meza za watu ambao sitawaona maishani. Haya yote niliyafanya bila kalamu. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa na dharau fulani kwa watu wa kalamu, na dharau hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kusoma maneno kunanichosha. Naweka kidole chini ya neno, nalivuta kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Lakini namba! Namba hazinichezei. Shehena ikiwa tayari, kila kinyago kina namba yake kwenye kibandiko, na mnunuzi ametuma orodha yake ya namba. Naweka orodha kando ya boksi, nashuka na kidole, namba kwa namba. Ikilingana, inafungwa. Isipolingana, inarudi. Sisomi kama ni kiboko au ni mama na mtoto. Sijawahi kupeleka kitu kisichotakiwa, hata mara moja.

Sasa nianzie kwenye moto.

Kazi yetu inaisha kwa nta. Wanaume wanakata jiwe kwa msumeno, wanalipunguza kwa panga na tupa, halafu wanawake wanakaa kwenye mabeseni na kulisugua kwa msasa na maji hadi liwe laini kama shavu. Likikauka, linapashwa joto na kupakwa nta. Nta huyeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Mwaka jana, wakati wa mvua, mguu wa jiko uliteleza, na nta ikamwagikia mkono wa mama mmoja, kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Huyo ndiye tunayemwita mama wa msasa, kwa sababu hakuna anayesugua kumshinda. Ni mjane, umri wake ni kama wa mdogo wangu. Alifika kidato cha pili kabla hajaolewa, na hakuwa mtu wa kuficha kwamba anajua. Mara moja kwenye mkutano nilijumlisha siku za kazi vibaya, akanisahihisha mbele ya watu, kwa heshima ya kuniita baba kwa lugha yetu, "Tata, nadhani ni kumi na tisa." Ilikuwa kumi na tisa. Sikusahau.

Siku ile ya nta, mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilikuwa bosi, na bosi hasimami kutazama. Nta ilikuwa imeganda kwenye ngozi, nikaibandua, na ngozi ikatoka nayo. Alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nikampaka mafuta ya kupikia, kisha nikaagiza dawa ya meno iletwe, nikampaka na hiyo, nikamfunga kitambaa. Ndivyo mama yangu alivyonitibu mimi. Maji yalikuwa pale pale, mabeseni sita yamejaa, bomba liko ukutani. Hakuna tone lililomgusa.

Hospitalini, daktari alifunua kile kitambaa, akatutazama. "Nani alimbandua hii nta?"

Mimi nilitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu ananiita. Yule mama alikuwa ananiona. Alisema, "Ilitoka tu, daktari." Akarudi kazini baada ya miezi miwili, na kovu limekunjamana kama ngozi ya maziwa. Hatukuzungumza juu yake.

Habari zilimfikia mnunuzi. Akasema hachukui mzigo mwingine mpaka karakana iwe na watu waliofundishwa huduma ya kwanza, wenye cheti, na sanduku lenye vifaa likae mahali ambapo kila mtu analiona. Ndiyo maana akaja muuguzi kutoka mjini Kisii, mwanamke wa upande wa ziwani, mrefu, mcheshi, asiyeogopa mzee. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, na alitulazimisha tuzungumze hicho hicho, kwa sababu Ekegusii chetu alikuwa anakicheka tu.

Siku ya kwanza alitufundisha damu. Nilimwambia, "Sisi hapa mtu akikatwa tunaweka unga wa jiwe. Unanyonya damu, unakauka, mambo kwisha."

"Na ukishamwekea hilo vumbi, mzee, kidonda kinapona au kinakuwa kinyago?"

Watu walicheka hadi mmoja akaegemea ukuta. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Siku ya pili ilikuwa ya moto, na mchana mtihani. Karatasi ilikuwa na maswali mawili, moja la damu na moja la moto. Kila swali lilikuwa na sentensi nne zilizochanganywa makusudi, zenye namba moja hadi nne, na pembeni ya kila sentensi kisanduku kitupu. Muuguzi alisimama mbele akaeleza kwa mdomo: kisanduku cha juu kabisa andika namba ya sentensi inayoanza, cha pili namba ya inayofuata, hivyo hivyo hadi chini.

Alipokuwa akieleza, mama wa msasa hakuwemo. Mimi nilikuwa nimemtuma aoshe vikombe na kumtengea mgeni chai. Walikuwepo vijana wenye miguu mizuri zaidi. Nilimtuma yeye. Aliporudi wenzake walikuwa wameinama wanaandika, akafuta mikono kwa kanga, akachukua karatasi yake.

Muuguzi alikuwa na darasa lingine Kebirigo na gari lilikuwa linamngoja. Aliniachia karatasi kumi na nne na karatasi ya majibu ndani ya bahasha.

"Mzee, msahihishe wawili. Mmoja asome sentensi, mwingine aangalie namba. Karatasi yoyote ikiwatatiza, wekeni kando, nitaiangalia mwenyewe. Unitumie majina ya waliopita, nije Ijumaa na vyeti."

"Hakuna shida, mwanangu," nilimwambia.

Wawili! Nikae na nani? Na karani wangu, kijana wa juzi, anione nikivuta neno kwa kidole? Nilijifungia stoo peke yangu. Nilipofungua bahasha na kuona majibu ni namba tupu, nilifurahi sana. Damu: tatu, moja, nne, mbili. Moto: mbili, tatu, nne, moja. Kumbe mtihani wenyewe ni shehena! Nilichukua kipande cha msasa, nikafunika sentensi zisinisumbue, nikaacha visanduku tu. Orodha kando, kidole chini, namba kwa namba.

Wengi walipata. Mdogo wangu, ambaye ni mchongaji wangu mkubwa, alipata sita kati ya nane, nikamwonea fahari. Halafu ikaja karatasi ya mama wa msasa. Damu: mbili, nne, moja, tatu. Hakuna hata moja iliyolingana. Moto: nne, moja, mbili, tatu. Hakuna. Nane kati ya nane, zote vibaya.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mtu aliyekaa siku mbili anasikiliza, mwenye kidato cha pili, hata akibahatisha angepata moja. Kinyago kimoja kikikosa namba ni makosa. Boksi zima likikosa, kuna kitu kwenye orodha. Hilo nalijua, ni kazi yangu. Lakini mimi sikusimama. Nilifurahi. Nitasema neno hilo jinsi lilivyo: nilifurahi. Nikachukua kalamu nyekundu nikachora sifuri kubwa, mviringo mzuri wa mchongaji.

Kesho yake asubuhi nilisoma matokeo mbele ya wote, nikiwa nimesimama juu ya jiwe. Wengine niliwasoma haraka. Nilipomfikia yeye nilipumzika kidogo.

"Mama wa msasa. Sifuri."

Mtu mmoja akasema, "Aaa, omogaka, angalia tena." Omogaka ndilo jina la mzee kwetu, na lina heshima yake.

"Nimeangalia. Kidato cha pili, sifuri." Kisha nikaongeza neno ambalo ningelipa ng'ombe kulirudisha. Nilisema, "Hata moto uliomchoma haukumfundisha."

Kuna waliocheka. Yeye alishusha mkono wa sweta hadi ukafunika kovu, akauliza, "Naweza kuiona karatasi yangu, Tata?"

"Ya nini? Sifuri haina pembe za kuangalia." Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Na nikatangaza kwamba asiyepita asiguse lile sanduku.

Alirudi kwenye beseni. Nilimtumia muuguzi majina kumi na moja kwa simu. Lake halikuwemo.

Siku mbili baadaye, kabla ya chakula cha mchana, mdogo wangu alikuwa anapunguza ubavu wa twiga kwa panga. Jiwe lilikuwa na mshipa mgumu ndani. Panga likaruka, likamwingia mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Damu haikutoka kwa matone, ilitiririka. Akasema tu, "Uwi, kaka," akakaa chini.

Karani aliyepewa kulinda sanduku alikuwa machimboni kuhesabu mawe. Ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni mwangu. Mimi niliyesahihisha mtihani, mimi niliyekuwa na majibu ndani ya bahasha, mkono wangu ulikwenda wapi? Kwenye unga wa jiwe. Nilikuwa nimeuchota kiganja kizima, nimeinama juu ya kidonda.

"Tata, mwaga hiyo."

Alikuwa amesimama karibu na beseni, mikono inadondosha maji meupe. Hakukimbia kuja. Alisimama pale pale akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kejeli, "Niguse sanduku, au nisiguse?"

Mdogo wangu anavuja damu, na mtu anayejua cha kufanya ananiomba ruhusa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimtupia ufunguo.

Basi nikaona. Alifungua sanduku, akafuta mikono, akavaa glavu kwanza, ingawa mdogo wangu alikuwa anamwambia, "Mama, mimi sina ugonjwa!"

"Mimi je, unajua nina nini? Lala chini."

Akachukua kitambaa safi, akakibana juu ya jeraha kwa kiganja chote, akauinua ule mkono, akabaki amebana. Hakuchungulia. Mimi nilitaka achungulie, nikasema, "Funua tuone kama imekoma."

"Ukifunua unaanza upya," alisema bila kunitazama. Alibana muda mrefu hadi nikaona shingo yake inatetemeka kwa kuchoka. Kisha akafunga bandeji juu ya kile kitambaa, kwa nguvu lakini si ya kuzuia damu kufika vidoleni, akaviangalia vidole kama vina rangi. Damu ikapenya kidogo. Hakukitoa cha kwanza; aliongeza kingine juu yake, akafunga tena. Ndipo akasema, "Sasa hospitali." Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika.

Chumba kilikuwa kile kile. Daktari alikuwa yule yule. Alifungua bandeji polepole, akashona, kisha akauliza, "Nani alifunga hii?"

Lile swali la mwaka jana, limegeuzwa tu. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala rangi imempotea, bado alipata nguvu za kucheka.

"Ni yule aliyepata sifuri, daktari. Sisi tuliopita tulikuwa tunaleta vumbi."

Niliporudi niliingia stoo, nikafunga mlango, nikatoa ile karatasi mfukoni. Safari hii sikufunika sentensi. Niliweka kidole chini ya neno la kwanza, nikaanza kuvuta. Swali la damu. Sentensi ya kwanza: Bana jeraha kwa kitambaa safi. Ya pili: Mpeleke hospitalini. Ya tatu: Vaa glavu. Ya nne: Funga bandeji, damu ikipenya ongeza kitambaa juu. Nilijikumbusha mikono yake. Glavu kwanza. Glavu ni sentensi ya tatu, na kwenye kisanduku chake aliandika moja. Kisha alibana, kando ya kubana aliandika mbili. Kando ya bandeji, tatu. Kando ya hospitali, nne.

Nilikaa juu ya boksi.

Hakupanga sentensi kama wenzake. Kila sentensi aliipa nafasi yake kwenye foleni, imeandikwa ubavuni. Kwa mtu anayesoma, jibu ni lile lile. Nikavuta sentensi za moto, jasho linanitoka. Mwondoe kwenye moto: moja. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka dakika ishirini, vua pete na bangili, usibandue kilichoganda kwenye ngozi: mbili. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, usipake kitu: tatu. Hospitali: nne.

Usibandue kilichoganda. Usipake kitu. Alikuwa ameyasoma maneno haya akiwa na ule mkono juu ya meza, akayapa namba zake, akanipa mimi nisahihishe. Na mimi niliyafunika kwa kipande cha msasa.

Karatasi bora kuliko zote kumi na nne ndiyo niliyoichorea sifuri. Mdogo wangu alikuwa na sita. Yeye alikuwa na nane.

Nilimpigia muuguzi. Nikamweleza namba zilivyokaa. Akasema, "Ai! Hilo ni kosa la karatasi yangu pia, mzee. Visanduku nimeviweka kando ya sentensi, mtu anaweza kuelewa hivyo." Kisha akauliza, "Lakini mlipokuwa wawili, aliyekuwa anasoma sentensi hakuona?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ni karani aliyesoma. Nikasema, "Mtandao unakatika, mwanangu," nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Hilo nalo liandikwe.

Ijumaa alikuja na vyeti kumi na viwili. Cha mama wa msasa alikuwa amekiandika kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakakusanyika. Muuguzi, kwa wema wake, akaanza kunifunika: "Kulikuwa na hitilafu ndogo kwenye karatasi, mama mmoja alipata alama zote, tunaomba radhi." Watu wakaanza kupiga makofi. Ingeishia pale. Njia ilikuwa imefagiliwa, kazi yangu ilikuwa kupita tu.

Nilimtazama mama wa msasa. Hakuwa anapiga makofi wala hakuwa anatabasamu. Alikuwa ameshusha mkono wa sweta, kama siku ile.

"Karatasi haikukosea," nilisema. "Niliambiwa tusahihishe wawili. Nilisahihisha peke yangu, kwa sababu sikutaka mtu aone ninavyosoma. Nilifunika maneno. Nilitazama namba kama natazama boksi." Mdogo wangu, mkono umefungwa shingoni, aliinama. "Na ile nta mwaka jana ni mimi niliyeibandua. Daktari alipouliza, sikusema. Huyu ndiye aliyenifichia."

Nilitoa karatasi yake, nimeikunjua, nikachukua kalamu nyekundu nifute ile sifuri.

"Usiifute, Tata," alisema.

"Nisiifute?"

"Iache. Uliisema mbele ya watu, iache watu waione. Andika nane kando yake. Halafu weka sahihi yako chini."

Sahihi yangu nilijifunza ukubwani, baada ya kupata mteja wa kwanza wa nje. Inanichukua muda. Niliiandika nimeinamia beseni lililogeuzwa, watu kumi na wanne wananingoja, hakuna aliyecheka, na ningeona afadhali wangecheka. Aliichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akaikunja pamoja na cheti.

Sanduku sasa liko kwake. Limetundikwa juu ya bomba, karibu na mabeseni. Karatasi ile ameibandika ndani ya kifuniko chake, ili anayelifungua aone hatua zilivyopangwa. Kila nikihitaji hata plasta ya kidole, nalifungua, na sifuri yangu inanitazama, mviringo mzuri wa mchongaji, jina langu chini yake.